Goti la Kijana Anayekua na Dakika Zisizohesabiwa

Kijana wa miaka 13 anarudi kutoka uwanjani akichechemea. Hakugongwa na mtu, hakuanguka, wala hakumbuki siku maumivu yalipoanza. Yalikuja kidogo kidogo, kwanza baada ya mechi, kisha katikati ya mazoezi, na sasa hata ngazi za shule zinamsumbua. Ukimwambia aoneshe panapouma hatapapasa goti zima. Ataweka kidole kimoja mahali pamoja, chini ya pia ya goti, penye kinundu mwanzoni mwa mfupa wa muundi. Ukipabonyeza, anaruka. Akipiga magoti kufagia au kusali, anaegemea upande mmoja.

Nyumbani kuna atakayesema ni uvivu, na kuna atakayesema mtoto anakua, yataisha yenyewe. Mwingine ataleta dawa ya kuchua na kukisugua kile kinundu kwa nguvu, jambo linalozidisha maumivu mahali ambapo tayari pamechokozwa. Tatizo hili lina jina tangu mwaka 1903, madaktari wawili, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, walipolieleza kila mmoja kwa upande wake. Hadi leo linaitwa kwa majina yao. Huwapata zaidi wavulana wa miaka 12 hadi 15, na wasichana mapema kidogo, kwa kuwa wao huanza kurefuka mapema.

Ili kuelewa goti hili, shika paja lako kwa mbele. Msuli huo mkubwa ndio unaonyoosha mguu unapokimbia, unaporuka na unapopiga shuti. Unashuka, unapita juu ya pia ya goti, kisha unaendelea kama kano nene inayojishikiza kwenye kile kinundu cha muundi. Kwa mtu mzima kinundu hicho ni mfupa mgumu. Kwa kijana anayekua, sehemu yake bado ni gegedu, kitu laini kuliko mfupa, ambacho polepole kinageuka kuwa mfupa. Kila anaporuka kupiga kichwa, kila anapokimbia kasi na kusimama ghafla, msuli unavuta kano, na kano inavuta pale palaini. Mvuto mmoja haudhuru. Inapovutwa mara mamia kila siku, bila siku ya kupumzika, sehemu hiyo huchokozwa kuliko inavyoweza kujijenga, ndipo inapovimba na kuuma. Mguu anaosimamia wakati wa kupiga mpira nao hubeba mzigo, kwa hiyo usishangae kijana wa mguu wa kulia akilalamikia goti la kushoto.

Kabla ya kupanga mazoezi, hakikisha kwamba tatizo ni hilo. Maumivu ya aina hii huja na mchezo na hupungua kwa mapumziko. Mpeleke kijana hospitali bila kungoja ikiwa maumivu yanamwamsha usiku, ikiwa goti lote limejaa au lina joto, ikiwa ana homa au anakonda, au ikiwa goti linakwama lisinyooke. Ikiwa aliruka, akasikia kitu kama kimekatika na sasa hawezi kunyoosha mguu, kinundu kinaweza kuwa kimeng'oka, na hiyo ni dharura. Mwenye selimundu akipata maumivu makali ya mfupa asichukuliwe kuwa amechoka na mpira. Na kijana anayechechemea huku nyonga yake haigeuki vizuri, hasa aliye mnene, achunguzwe nyonga, kwa sababu kuna ugonjwa wa nyonga ambao maumivu yake husikika gotini.

Hayo yakishaondolewa, swali linakuwa la hesabu, na hapa ndipo wengi tunakosea. Kocha wa shule anajua mazoezi yake. Kocha wa timu ya mtaa anajua ya kwake. Mzazi anajua mechi ya Jumamosi. Chandimu ya jioni haijulikani na yeyote kati yao. Goti ndilo pekee linalobeba vyote.

Tuchukue mfano wa kijana wetu wa miaka 13. Ana mazoezi ya shule mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila siku. Ana mazoezi ya timu ya mtaa mara mbili, dakika 90 pia. Anacheza chandimu jioni nne, saa moja kila jioni. Jumamosi na Jumapili ana mechi, dakika 60 kila moja. Jumlisha: 180, 180, 240 na 120. Ni dakika 720, yaani saa 12 kwa wiki. Kocha wa shule akisema "mimi namfanyisha saa tatu tu," hasemi uongo, lakini anaona robo ya mzigo. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji dawa. Chukueni daftari, mketi pamoja na kijana, muandike kila dakika aliyocheza katika siku saba zilizopita, chandimu ikiwemo. Mwambieni wazi kwamba hamtamkaripia, la sivyo daftari litakuwa la uongo.

Hatua ya pili ni kumfundisha kupima maumivu kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Kati ya 0 na 2, aendelee. Kati ya 3 na 5, asiongeze kitu, na ajichunguze kesho yake. Zaidi ya 5, aache siku hiyo. Asubuhi, kabla ya shule, achuchumae polepole mara tano kwa mguu unaouma, akiwa ameshika ukuta. Maumivu yakiwa sawa na jana asubuhi, mzigo wa jana ulikuwa unafaa. Yakiwa yamezidi, mzigo ulikuwa mkubwa, hata kama uwanjani hakusikia kitu.

Sasa tupunguze. Kwa wiki nne za kwanza kijana wetu anaacha mechi, chandimu na timu ya mtaa. Anakwenda mazoezi ya shule siku mbili, dakika 45 kila siku, kwa pasi fupi na kutuliza mpira tu, na hata hayo yafuate kipimo cha namba. Hakimbii kasi, haruki, hapigi mashuti. Kutoka dakika 720 anabaki na 90. Anaweza kuogelea au kuendesha baiskeli taratibu ikiwa haviumi. Kumbakiza uwanjani namna hii kuna faida, kwa sababu kijana aliyefukuzwa kabisa atacheza kwa kujificha.

Wakati huo huo msuli wa paja usiachwe ulegee. Kila siku anakaa chini mguu ukiwa umenyooka, anakunja taulo chini ya goti, analikandamiza kwa kukaza paja na kushikilia sekunde 30, mara kumi. Kisha analala chali, magoti yamekunjwa, ananyanyua kiuno na kukishusha polepole mara kumi, kwa raundi tatu. Kuanzia wiki ya tano, maumivu yakiwa yametulia, anaegemea ukuta kwa mgongo na kushuka kama anayetaka kukaa kitini, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baadaye anaongeza hatua ndefu za kuinamisha goti.

Mpira unarudi kwa ngazi. Wiki ya tano na ya sita anakimbia mchakamchaka dakika moja na kutembea dakika moja, mara kumi, kila baada ya siku moja. Wiki ya saba anaongeza mbio ndefu kidogo na mashuti kumi mepesi. Kila mara anaongeza kitu kimoja tu, ama muda ama nguvu, wala haongezi vyote viwili kwa pamoja.

Wiki ya tisa mambo yanaharibika, kama kawaida yalivyo. Amejisikia mzima, amepiga mashuti 25 kwa nguvu mazoezini, na jioni rafiki zake wamemwita chandimu. Usiku namba ni 6, asubuhi anachechemea. Hapa wazazi wengi hukata tamaa na kumpiga marufuku mpira, na makocha wengine humwambia avumilie. Yote mawili si sahihi. Anapumzika siku mbili tatu hadi kipimo cha asubuhi kirudi kilipokuwa, kisha anashuka ngazi moja, yaani mashuti kumi mepesi, na kuanzia pale. Harudi mwanzo kabisa. Daftari linaonesha kosa lilikuwa wapi: aliongeza mashuti na chandimu siku moja.

Wiki ya kumi na mbili anafanya mazoezi yote ya shule mara mbili, na anaingia mechi dakika 20 za mwisho. Mwezi wa tano yuko saa sita kwa wiki, nusu ya alikoanzia. Chandimu imebaki jioni moja, na siku mbili za wiki hazina mpira kabisa.

Miezi mitano inaonekana mingi. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia vijana 51 wa miaka 10 hadi 14 waliopewa mpango wa namna hii, wa kupunguza michezo na kuimarisha paja kwa wiki 12. Wiki hizo zilipokwisha, asilimia 80 walisema wamepata nafuu ya kuridhisha, lakini ni asilimia 16 tu waliokuwa wamerudi kwenye mchezo wao. Baada ya mwaka, waliorudi walifika asilimia 69. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo hautuambii wangapi wangepona bila mpango wowote. Unachotuambia wazi ni kwamba nafuu hutangulia, na uwanja hufuata baadaye sana. Kocha anayesubiri mfungaji wake kwa ajili ya mashindano ya shule ayajue hayo kabla ya kumpanga.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi, hutuliza. Dawa ya maumivu isitumiwe ili kijana acheze, kwa sababu inazima namba tunayoitegemea. Akiambiwa achomwe sindano ya steroidi kwenye kinundu, mzazi aulize kwa makini, kwani sindano hiyo inaweza kudhoofisha kano na ngozi, na si tiba inayoshauriwa kwa tatizo hili.

Kwa wengi maumivu huisha gegedu inapokuwa mfupa kamili, kijana anapomaliza kurefuka. Kinundu chenyewe mara nyingi hubaki, na wachache huendelea kuumia wakipiga magoti hata ukubwani. Hadi wakati huo ufike, mzazi aweke alama ya urefu ukutani kila baada ya miezi mitatu, na tarehe pembeni. Mvulana katika kilele cha kukua huweza kuongezeka sentimita tisa hivi kwa mwaka. Alama mbili zikiachana kuliko kawaida, afungue daftari la dakika siku hiyo hiyo, kabla kidole hakijarudi kwenye kinundu.