Matriki zilizomo i, majibu yasiyo na i

Mwaka 1855 Mfaransa Charles Hermite alionyesha jambo la kushangaza: matriki inaweza kujaa namba changamano, lakini thamani zake bainifu zikawa namba halisi tupu. Sharti ni moja. Ukigeuza safu mlalo kuwa safu wima, kisha ukabadili alama ya kila i, matriki ibaki ileile.

Chukua H = [[2, i], [−i, 2]]. Ukiizidisha kwa vekta (i, 1) unapata (3i, 3), yaani vekta ileile mara 3. Hiyo 3 ndiyo thamani bainifu. Vekta (1, i) inarudi ilivyo, kwa hiyo thamani ya pili ni 1. Wanafunzi wengi husahau kubadili alama, wakaandika [[2, i], [i, 2]]. Hapo majibu ni 2 + i na 2 − i, na i hiyo ndiyo inayofichua kosa.

Gawanya vekta hizo mbili kwa √2, uzipange kama safu wima: umepata matriki yunitari, isiyobadili urefu wa vekta yoyote. Thamani zake bainifu, (1 + i)/√2 na (−1 + i)/√2, si halisi, ila kila moja ina ukubwa wa 1 kamili.