Je, Wajua? Asili ya Wimbo Imo Katika Majina ya Watunzi

Wengi waliosikia “On the Floor” ya Jennifer Lopez (2011) waliitambua papo hapo “Lambada” ya kundi la Kaoma (1989). Lakini sauti ya Kaoma haimo. Kipande kikikatwa kutoka rekodi ya zamani, huja na mwimbaji wake, mwangwi wa studio yake, hata mikwaruzo ya santuri. Hapa Lopez mwenyewe anaimba maneno mapya juu ya ule mwendo wa sauti, na ngoma zote ni za kisasa. Melodia imepigwa upya.

Ukitaka asili yake, usiishie Kaoma. Soma majina ya watunzi wa “On the Floor”: utawakuta Gonzalo na Ulises Hermosa, ndugu wa kundi la Los Kjarkas la Bolivia. Wimbo wao, “Llorando se fue”, ulitoka 1981. Ukiusikiliza, melodia ni ileile, ila inapulizwa kwa filimbi za Andes na mwendo ni wa huzuni. Toleo la kwanza la Kaoma halikuwataja. Ndugu hao walidai haki yao kisheria hadi wakatambuliwa.