Mdau wa Lamu ambaye jedwali halikumwona

Chukua mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu. Ukiwapanga wadau kwa jedwali la nguvu na maslahi, wavuvi wanaangukia kwenye kisanduku cha wenye maslahi makubwa na nguvu ndogo. Ushauri wa jedwali kwa watu hao ni mfupi: wape taarifa. Basi.

Mwaka 1997, Mitchell, Agle na Wood walipendekeza kipimo kingine chenye maswali matatu: mdau ana nguvu? Dai lake ni halali? Ni la haraka? Wavuvi walikuwa na uhalali, maana bahari ndiyo riziki yao, na uharaka, kwa kuwa leseni ya mazingira ilikwisha kutolewa. Walichokosa ni nguvu. Kundi la aina hiyo huitwa tegemezi, na hutafuta wa kuliazima nguvu. Wakazi waliipata kwenye Baraza la Mazingira, ambalo Juni 2019 lilifuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Jedwali huchorwa upesi, sikatai, ila “maslahi” huchanganya haki na udadisi.