Herufi Moja Badala ya Kipanya

Katika Gmail ya kompyuta, herufi `e` huondoa barua kwenye kikasha bila kuifuta. Wengi huibonyeza wakaona kimya, kwa kuwa njia hizi za mkato huwa zimezimwa mwanzoni. Huwashwa kwa kufungua `See all settings`, kuchagua `Keyboard shortcuts on`, kisha `Save changes` chini kabisa ya ukurasa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika.

Chukua karani mwenye barua arobaini asubuhi. Anashuka kwa `j`, anapanda kwa `k`, anafungua kwa Enter. Tangazo la mauzo analiondoa kwa `e`. Swali la mteja analijibu kwa `r`, anaandika sentensi mbili, anatuma kwa Ctrl na Enter, kisha `e` tena.

Aliyeondoa kwa bahati mbaya abonyeze `z` mara moja. Akichelewa, barua ingali `All Mail`, na mtu akiijibu itarudi kikashani yenyewe.

Tahadhari ni kwa `a`, inayojibu wote: jirani huyo wa `r` kitabia ameshaaibisha ofisi nyingi.