Vigae vya Mawe au Bati Tupu? Anza Kuhesabu Papi

Katika mitaa mipya ya Dar es Salaam siku hizi mapaa mengi yametapakaa chembe za mawe, na mtu akiyatazama kwa mbali hudhani ni vigae vya udongo. Wengine huviogopa vigae hivi wakidhani vitaangusha kenchi. Kumbe ndani yake ni chuma kama cha bati, chenye unene usiozidi nusu milimita. Chuma hicho hupakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, kikapakwa gundi, ndipo zikamwagiwa chembe za mawe.

Tuchukue paa la mita za mraba 150. Bati la geji 30 lina kilo 3 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa zima halifiki nusu tani. Vigae vya mawe vina kilo 7 hivi, yaani tani moja na kidogo. Vigae vya udongo vingefika tani 6. Kenchi iliyopigwa vizuri haitashindwa na vigae vya mawe.

Pesa huishia kwenye mbao. Bati refu hulala juu ya papi zilizoachana sentimita 90 hivi, na paa letu litakula mita 170 za papi. Kigae ni kifupi, kwa hiyo papi hupigwa kila sentimita 37, na mita zinapanda hadi 400. Juu ya hapo kuna vigae zaidi ya 300, kila kimoja na misumari yake, na siku za fundi zinaongezeka. Anayelinganisha bei ya kigae na ya bati dukani hajalinganisha mapaa.

Mvua ikinyesha, bati tupu hutetema kama ngoma. Chembe za mawe huzuia mtetemo huo, ndiyo maana sauti hupungua. Hata hivyo, dari nzuri nayo hupunguza kelele nyingi chini ya bati.

Kuhusu kudumu, adui ni kutu, hasa karibu na bahari, nayo huanzia kwenye matundu ya misumari na kingo zilizokatwa. Kigae kina ngao zaidi, lakini fundi akikikata kwa grinda, cheche huunguza ngao hiyo. Mwambie atumie mkasi wa bati. Chembe chache kwenye mfereji baada ya mvua za kwanza si tatizo, kwani ni zile za ziada. Ukiona madoa ya chuma kitupu juu ya kigae, gundi imeshindwa.

Kama fedha haitoshi vigae pamoja na papi zake zote, nunua bati la geji 28, ambalo ni nene kuliko la 30, na kinachobaki kiweke kwenye dari. Paa hilo ni bora kuliko vigae vizuri vilivyopigwa juu ya papi pungufu.