Hisa Yenye Misukosuko Inapotuliza Mfuko

Mtu ana shilingi milioni 10, zote kaziweka kwenye hisa za benki moja. Rafiki yake anamshauri auze robo ya hisa hizo anunue za kiwanda cha saruji, ambazo bei yake hupanda na kushuka kwa nguvu kuliko ya benki. Wengi wetu tungemzuia. Tungemwambia anaacha hatari ndogo na kukimbilia kubwa. Hata hivyo, yapo mazingira, tena ya kawaida kabisa, ambamo ushauri huo ni sahihi: hisa yenye misukosuko zaidi ikiingia, mfuko mzima unatulia kuliko ulivyokuwa. Hesabu inayoonyesha hayo ni fupi, na inaweza kufuatwa na yeyote aliyewahi kutafuta mteremko wa mchoro shuleni.

Aliyeanzisha hesabu hii ni Harry Markowitz, akiwa mwanafunzi wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chicago. Maktabani alikuwa akisoma kitabu cha John Burr Williams cha mwaka 1938, kilichofundisha kwamba hisa ina thamani ya gawio zote zinazotarajiwa kutoka kwake, zikipimwa kwa thamani ya leo. Markowitz akaona pengo. Kama mwekezaji angejali faida inayotarajiwa peke yake, basi angechagua hisa moja iliyo bora na kuweka humo kila senti yake. Watu hawafanyi hivyo, nao wana sababu: wanaogopa hatari. Katika makala yake ya mwaka 1952 akaipa hatari hiyo kipimo, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Merton Miller na William Sharpe.

Kipimo chenyewe ni varianzi. Chukua faida ya hisa ya kila mwaka, angalia iko mbali kiasi gani na wastani wake, zidisha umbali huo kwa wenyewe, kisha tafuta wastani wa majibu. Kipeuo cha pili cha varianzi ndicho mkengeuko, nao unasomeka kwa asilimia za kawaida. Kwa mfano wetu tuchukue tarakimu za kubuni: hisa ya benki ina mkengeuko wa asilimia 20, kwa hiyo varianzi yake ni 20 mara 20, yaani 400. Saruji ina mkengeuko wa asilimia 30, na varianzi ya 900.

Tunahitaji tarakimu moja zaidi, ambayo ndiyo roho ya jambo lote: kovarianzi. Hii hupima hisa mbili zinavyofuatana. Benki ikiwa juu ya wastani wake, je, saruji nayo huwa juu, au huenda njia yake? Uhusiano wao hupimwa kuanzia −1, pale zinapokwenda kinyume daima, hadi 1, pale zinapokwenda sambamba daima. Tuseme wetu ni 0.25: zinafuatana kidogo tu. Kovarianzi ni uhusiano ukizidishwa kwa mikengeuko yote miwili, yaani 0.25 × 20 × 30, sawa na 150.

Sasa tuite w fungu la pesa lililo kwenye benki. Linalobaki, 1 − w, liko kwenye saruji. Varianzi ya mfuko wote ni hii:

V = 400w² + 900(1 − w)² + 2 × 150 × w(1 − w)

Sehemu mbili za mwanzo ni hatari ya kila hisa peke yake, na kila fungu limezidishwa kwa lenyewe. Hapo ndipo nafuu inapoanzia, maana nusu ikizidishwa kwa nusu hubaki robo. Sehemu ya tatu ni ile inayotokana na kufuatana kwao. Ukifungua mabano na kukusanya, unabaki na:

V = 1000w² − 1500w + 900

Mchoro wa mlinganyo huu una umbo la bakuli, na tunachotafuta ni sakafu yake. Kalkulasi inatupa njia: penye sakafu, mteremko ni sifuri. Mteremko wa V ni 2000w − 1500. Tukiuweka sawa na sifuri, w inakuwa 0.75. Basi milioni 7.5 zibaki benki, milioni 2.5 ziende kwenye saruji. Varianzi ya mfuko huo ni 337.5, na mkengeuko wake ni asilimia 18.4 hivi. Kabla ya kuigusa saruji ulikuwa 20.

Kupata sifuri hakutoshi, kwa sababu hata kilele cha mlima kina mteremko wa sifuri. Tunautofautisha mteremko wenyewe mara nyingine na kupata 2000. Ni tarakimu chanya, kwa hiyo mchoro unapinda kwenda juu pande zote mbili, na mahali tulipofika ni sakafu kweli.

Hisa zozote mbili zinafuata njia hiyohiyo. Tukiandika Va na Vb kwa varianzi za hisa hizo, na K kwa kovarianzi yao, jibu ni:

w = (Vb − K) / (Va + Vb − 2K)

Tarakimu ya chini, Va + Vb − 2K, ni varianzi ya tofauti kati ya faida za hisa hizo mbili, kwa hiyo haiwezi kuwa hasi. Inakuwa sifuri pale tu hisa zinapopanda na kushuka kwa kiasi kilekile daima. Hapo fomula haina jibu, na haihitajiki, kwa sababu kila mgawanyo una hatari ileile.

Turudi kwa yule rafiki na ushauri wake. Mteremko unatuonyesha kwa nini ana haki. Simama pale ambapo pesa zote ziko benki, w ikiwa 1, halafu hamisha kiasi kidogo sana kwenda saruji. Varianzi ya 900 ya saruji haina uzito wowote katika hatua hiyo ya kwanza, kwa kuwa fungu lake ni dogo na linazidishwa kwa lenyewe. Kinacholinganishwa ni kovarianzi ya saruji na benki, 150, dhidi ya varianzi ya benki, 400. Kwa kuwa 150 ni ndogo, hatari inashuka. Swali la kuuliza kuhusu hisa mpya, basi, ni jinsi inavyofuatana na ulicho nacho tayari. Misukosuko yake yenyewe huja kuhesabika baadaye, fungu lake linapokua.

Tunaacha kuhamisha pesa lini? Pale hisa zote mbili zinapofuatana na mfuko kwa kiasi kilekile. Angalia kwenye robo tatu kwa robo. Kovarianzi ya benki na mfuko ni 0.75 × 400 + 0.25 × 150, sawa na 337.5. Ya saruji na mfuko ni 0.75 × 150 + 0.25 × 900, nayo pia ni 337.5, sawasawa na varianzi ya mfuko wenyewe. Shilingi ya mwisho iliyo benki inaongeza hatari sawa na shilingi ya mwisho iliyo kwenye saruji, kwa hiyo hakuna faida ya kuisogeza upande wowote. Hiki pia ni kipimo kizuri cha kukagua kazi yako: tarakimu hizo zisipolingana, umekosea mahali.

Umbo la bakuli lina habari nyingine njema. Mlinganyo wetu unaweza kuandikwa hivi: V = 337.5 + 1000(w − 0.75)². Mtu aliyeweka 0.65 badala ya 0.75 anapata mkengeuko wa asilimia 18.6 hivi, hasara ambayo hataihisi. Aliyegawa nusu kwa nusu anapata varianzi ya 400, sawa kabisa na aliyebaki na benki peke yake. Kwa maneno mengine, kwa tarakimu hizi unaweza kuwa na nusu nzima ya mali yako kwenye hisa yenye misukosuko zaidi bila kuongeza hatari hata kidogo.

Lakini badili uhusiano uwe 0.8 na mambo yanageuka. Kovarianzi inakuwa 480, kubwa kuliko 400 ya benki, na fomula inatoa w ya 1.24 hivi. Maana yake ni kuazima hisa za saruji, kuziuza, na kununulia benki pesa zilizopatikana. Mwekezaji mdogo kwa kawaida hana njia ya kufanya hivyo, kwa hiyo jibu lake ni ukingoni: aweke yote benki, aache saruji. Mteremko pale ukingoni si sifuri, nayo fomula haitakuonya. Mpaka ni uhusiano unaolingana na mkengeuko mdogo ukigawanywa kwa mkubwa, hapa 20 kwa 30, yaani theluthi mbili. Uhusiano ukivuka hapo, hisa yenye misukosuko zaidi haina tena msaada.

Tatizo kubwa zaidi katika masoko yetu, Dar es Salaam na Nairobi, liko kwenye tarakimu tunazoanza nazo. Zipo hisa zinazokaa siku kadhaa bila kuuzwa hata moja, na siku hizo bei inayoandikwa ni ileile ya zamani. Ukikokotoa kwa bei za kila siku, hisa hiyo inaonekana haifuati chochote, kumbe imelala tu. Tuseme kwa sababu hiyo kovarianzi imeonekana kuwa 30 badala ya 150. Fomula itakupa 0.70 kwa benki na 0.30 kwa saruji, na itakuahidi mkengeuko wa asilimia 17.0. Utakaoupata kwa kweli ni 18.4 hivi. Karibu nusu ya nafuu uliyoahidiwa haipo, na wewe unaamini umeipata.

Dalili ya kasoro hii inaonekana. Kokotoa kovarianzi ya faida za siku moja, kisha ya faida za siku tano za biashara. Bei zinazotembea kila siku kwa uhuru zitakupa ya pili iliyo takriban mara tano ya ya kwanza. Ikizidi sana hapo, bei zimechelewa. Tumia bei za mwisho wa mwezi, japo utabaki na data chache.

Ukumbuke pia kwamba faida inayotarajiwa haikuingia popote katika mlinganyo wetu. Robo tatu kwa robo ni mgawanyo wenye hatari ndogo kuliko yote, uwe na faida nzuri au mbaya. Kabla ya kununua, kalisha tarakimu zako tatu za bei za mwisho wa mwezi, pata w, kisha ujiulize kando kama faida ya hisa hizo mbili inakutosha.