Malaria Imepungua, au Vipimo Viliisha?

Kila mwaka mganga mfawidhi wa kituo cha afya humwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya taarifa ya maelezo. Takwimu hutoka kwenye vitabu vya MTUHA, lakini sababu zake huzieleza yeye.

Tuseme mwaka jana walipimwa malaria watu 1,000, wakakutwa nayo 400. Mwaka huu wamekutwa nayo 240. Mtu atashangilia, mpaka aone waliopimwa ni 600 tu: kiwango kimebaki asilimia 40. Leja ya stoo nayo inaonyesha vipimo vya haraka viliisha miezi miwili ya mvua.

Basi mfawidhi asiandike “malaria imepungua.” Aandike waliopimwa, waliokutwa nayo, na siku ambazo stoo ilikuwa tupu.